Kupunguza dilei ya mausi kwenye gemu za risasi: poling reti, sensitiviti na Raw Input, hatua kwa hatua

Wakuu, kwenye gemu kama Counter-Strike 2 na Valorant ukipigwa kabla hujageuka kitu cha kwanza watu wanacholaumu ni intaneti, na kweli ukicheza CS2 kutoka Dar au Nairobi kwenye sava za Johannesburg pingi ipo tu. Ila kuna dilei nyingine ambayo haipiti kwenye intaneti kabisa, inaanzia mkononi mwako, inapita kwenye waya wa mausi, Windows, gemu, kadi ya grafiki mpaka skrini. Hiyo unaweza kuipunguza leo leo bila kununua bando jipya. Humu naongelea kipande cha mausi tu, kwa kutumia CS2 kwenye Windows kama mfano, maana ndiyo gemu ninayoijua vizuri na hesabu zake ziko wazi.

Kwanza elewa mausi inachelewesha nini

Mausi haiongei na kompyuta muda wote. Kompyuta ndiyo inaiuliza kila baada ya muda fulani, "umesogea kiasi gani tangu nilipokuuliza mwisho?", na mausi inajibu. Mara ngapi kwa sekunde inaulizwa, hiyo ndiyo poling reti. Mausi nyingi za ofisini, zile za elfu kumi kumi, ziko 125 Hz, maana yake inaulizwa kila milisekunde 8. Ukisogeza mkono mara tu baada ya kuulizwa, hiyo habari itakaa inasubiri karibu milisekunde 8 nzima, ukisogeza punde tu kabla ya kuulizwa haisubiri kitu. Kwa wastani basi inasubiri nusu, yaani milisekunde 4. Kwenye 1000 Hz inaulizwa kila milisekunde 1, wastani wa kusubiri ni nusu milisekunde. Kwenye 8000 Hz ni kila milisekunde 0.125, wastani 0.06 hivi.

Sasa angalia hizo namba vizuri kabla hujatoa hela. Kutoka 125 kwenda 1000 unaokoa milisekunde 3.5 kwa wastani, na zaidi ya hapo mwendo unakuwa laini, kwa sababu kwenye 125 Hz na skrini ya 144 Hz kuna fremu zinachorwa bila habari yoyote mpya ya mausi, unaona kama picha inakatakata ukigeuka. Kutoka 1000 kwenda 8000 unaokoa chini ya nusu milisekunde. Skrini ya 60 Hz yenyewe inachukua milisekunde 16.7 kwa kila fremu, ya 144 Hz inachukua karibu 7. Kwa hiyo ukitoka 125 kwenda 1000 ni lazima, ila ya kutoka 1000 kwenda juu inategemea na mashine yako, tutafika.

Hatua ya 1: zima kuongeza kasi kwa Windows

Bonyeza Windows na R, andika hii, enta:

```
main.cpl
```

Nenda kwenye `Pointer Options`. Toa tiki kwenye `Enhance pointer precision`. Halafu ile slaida ya kasi juu yake iweke katikati kabisa, alama ya 6 kati ya 11.

Hiyo tiki inafanya mshale uende mbali zaidi ukisogeza mausi kwa haraka na uende karibu ukisogeza polepole, hata kama mkono umetembea umbali ule ule. Kwa kazi za Excel ni sawa, kwa kulenga ni balaa, maana mkono wako unajifunza kwamba sentimita 5 ni adui wa kulia, halafu siku una presha unasogeza haraka sentimita 5 zile zile na alama ya kulenga inampita. Slaida nayo ikiwa katikati Windows inachukua kila nukta ya mausi, yaani kila kihatua kidogo cha mwendo inachohesabu, kama ilivyo, moja kwa moja. Ukishusha chini ya hapo inaruka nukta nyingine, ukipandisha juu mshale unaruka pikseli.

Gemu yenye Raw Input, yaani inayosoma mausi moja kwa moja bila kupitia mipangilio hii ya Windows, haijali haya yote, lakini zima tu, kwa sababu sio kila gemu utakayocheza inayo.

Hatua ya 2: DPI na sensitiviti, hizi mbili ziende pamoja

Hapa ndipo watu wengi wanapapita mbio na ndipo penye utamu. DPI ni nukta ngapi mausi inahesabu ukiisogeza inchi moja. Wakongwe wengi wa Counter-Strike wamezoea 400 DPI na sensitiviti kubwa kidogo ndani ya gemu, na wapya wanaiga tu. Shida ya 400 ni hii: ukisogeza mkono polepole, mfano unarekebisha kidogo kichwani mwa adui kwa mwendo wa sentimita 1 kwa sekunde, mausi ya 400 DPI inahesabu nukta kama 157 tu kwa sekunde hiyo. Yaani nukta moja kila milisekunde 6 na kitu. Umeweka 1000 Hz, kompyuta inauliza kila milisekunde, na mara nyingi jibu ni "sijasogea", kwa sababu mkono haujafikisha umbali wa nukta inayofuata. Poling reti kubwa hapo haikusaidii, mausi haina cha kutuma.

Mkono ule ule, mwendo ule ule, kwenye 1600 DPI unatoa nukta 630 kwa sekunde, moja kila milisekunde 1.6. Kwa hiyo ukianza kusogea, gemu inajua mapema zaidi. Hii tofauti ya milisekunde 4 au 5 mwanzoni mwa mwendo wa polepole ni kubwa kuliko unachopata kutoka 1000 kwenda 8000 Hz, na ni ya bure.

Basi pandisha DPI, shusha sensitiviti ya gemu kwa kiasi kile kile ili mkono usihisi tofauti. Hesabu yake ni nyepesi, zidisha DPI kwa sensitiviti, jibu libaki lile lile. Mfano jamaa anatumia 400 DPI na sensitiviti 2.4:

```
400 x 2.4 = 960
960 / 1600 = 0.6
```

Kwa hiyo anaweka mausi 1600, na ndani ya CS2 anafungua konsoli na kuandika:

```
sensitivity 0.6
```

Kama konsoli haifunguki nenda kwenye mipangilio ya gemu uwashe `Enable Developer Console`, halafu bonyeza ile kii iliyo chini ya Esc.

Usiamini hesabu peke yake, pima kwa rula, hasa kama mausi yako ni ya bei poa, maana zile zinaandika 1600 kumbe ni 1500 na kitu. CS2 inageuza digrii 0.022 kwa kila nukta kwenye sensitiviti 1. Umbali wa kuzunguka mzunguko mzima unapatikana hivi:

```
cm = 360 / (0.022 x sensitivity x DPI) x 2.54
```

Kwa jamaa wetu inatoka sentimita 43.3 hivi. Ingia ramani ya mazoezi, simama ukilenga kitu chembamba, kona ya mlango au nguzo, weka mausi mwanzo wa rula, sogeza taratibu bila kuinua mpaka alama irudi pale pale. Kama mausi pedi yako ni fupi pima nusu mzunguko halafu zidisha mara mbili. Ukipata 43 hivi umemaliza. Ukipata 46, DPI halisi ya mausi ni ndogo kuliko iliyoandikwa, pandisha sensitiviti kidogo, tuseme 0.64, upime tena.

Anayehamia Valorant, gemu ile inageuza digrii 0.07 kwa nukta, kwa hiyo gawanya sensitiviti ya CS2 kwa 3.18. Ile 0.6 inakuwa 0.189.

Usipande kupita kiasi. 800 mpaka 1600 inatosha karibu kila mtu. Juu huko kuna sensa zinaanza kulainisha mwendo zenyewe, na kulainisha maana yake inasubiri ikusanye sampuli kadhaa ndiyo itume, umeirudisha dilei kwa mlango wa nyuma. Mausi za bei ya chini zinazoandika 12800 kwenye boksi mara nyingi zinazidisha tu namba kwa hesabu, sensa yenyewe haioni hivyo.

Kwenye deskitopu mshale sasa utakuwa unakimbia sana kwa 1600. Kama gemu zako zote zina Raw Input shusha ile slaida ya Windows ya hatua ya 1, haitagusa kulenga kwako. Kama unayo hata moja isiyo nayo, acha katikati na uzoee, siku mbili tatu mkono unakubali.

Hatua ya 3: weka poling reti, halafu thibitisha

Mausi ya gemu inabadilishwa kwenye softwea yake, tafuta palipoandikwa `Polling Rate` au `Report Rate`, weka 1000. Nyingine zina kitufe chini ya tumbo. Mausi ya ofisi isiyo na softwea wala kitufe mara nyingi imekwama 125 na ndiyo basi, hapo ni kununua nyingine, na mausi ya waya ya 1000 Hz sasa hivi sio ghali.

Ya wayalesi tumia ile risiva yake ya USB, usitumie Bluetooth kuchezea, Bluetooth inazunguka kwenye 125 na kitu hivi hata kama boksi linasema 1000. Risiva isichomekwe nyuma ya mashine iliyo chini ya meza. Ichomeke kwenye waya wa ekstensheni uilete juu ya meza karibu na mausi, na iwe mbali na flashi au hadi diski za USB 3.0 kwa sababu zile zinatoa kelele kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz. Dalili ya kelele ni mausi kukwama kidogo kidogo bila mpangilio, sekunde inaenda vizuri, sekunde inaruka. Ya waya yenyewe ichomeke moja kwa moja kwenye poti za nyuma, kwenye madhabodi, sio kwenye habu ambayo ina kiibodi, kamera na chaja ya simu.

Kuthibitisha, kuna kaprogramu kadogo ka bure kanaitwa MouseTester. Bonyeza `Collect`, shikilia kitufe cha kushoto huku unazungusha mausi kwa kasi, achia, halafu `Plot` na uchague `Interval vs. Time`. Kwenye 1000 Hz nukta zinatakiwa zijipange mstari mmoja kwenye 1 ms, na chache zinazotawanyika juu na chini sio tatizo. Ukiona mistari miwili mitatu, kwenye 1, 2 na 3, kuna majibu yanapotea, badilisha poti kwanza kabla hujailaumu mausi. Na zungusha kwa kasi kweli, kwa sababu ile niliyosema juu: ukisogeza polepole mausi haina cha kutuma na utadhani ni mbovu. Tovuti za kupima nazo zipo, ila brauza nyingi zinakusanya mwendo na kuutoa mara moja kwa kila fremu, kwa hiyo ukiona 60 au 144 pale hiyo ni namba ya skrini yako, sio ya mausi.

4000 na 8000 Hz, lini ziguse na lini ziache

Kila jibu la mausi ni kazi kwa prosesa. Majibu 1000 kwa sekunde hata mashine ya zamani haishtuki. Majibu 8000 ni habari nyingine, na CS2 yenyewe ni gemu inayokula prosesa. Kinachotokea kwenye mashine dhaifu ni kwamba fps, yaani fremu kwa sekunde, zinashuka pale tu unaposogeza mausi, yaani pale pale unapozihitaji, na ukisimama zinarudi.

Tuseme una deskitopu ya mtumba ya ofisi, prosesa ya koa nne ya miaka kumi iliyopita, umeweka kadi ya grafiki ndogo, na skrini ni ya 75 Hz. Mtu amekuuzia mausi ya 8000. Fungua konsoli uandike:

```
cl_showfps 1
```

Simama sehemu moja kwenye ramani, ile ile kila mara, mfano katikati ya Mirage. Zungusha mausi kushoto kulia kwa nguvu kwa sekunde kumi kwenye 1000 Hz, angalia fps zinashuka mpaka ngapi. Toka, weka 8000, rudi pale pale, zungusha vile vile. Usilinganishe kusimama na kuzungusha, maana ukigeuka gemu inachora vitu tofauti na fps zitabadilika tu hata na mausi ya 125. Linganisha kuzungusha na kuzungusha. Kama kwenye 8000 zinashuka zaidi au unahisi picha inagonga gonga, rudi 1000 na usiangalie nyuma. Ukipoteza fremu moja kwenye skrini ya 75 Hz umepoteza milisekunde 13, na ulikuwa unatafuta nusu milisekunde.

Ukiwa na prosesa mpya yenye nguvu na skrini ya 240 Hz au zaidi, jaribu 2000 kwanza, kisha 4000. Na hapo kumbuka DPI, kwa sababu kujaza majibu 8000 kwa sekunde ukiwa 400 DPI inabidi mkono uende sentimita 50 kwa sekunde, huko ni kugeuka nyuma kwa ghafla tu. Kwenye 1600 inatosha kama sentimita 13. Mtu wa 8000 Hz na 400 DPI amelipia kitu ambacho muda mwingi hakitumiki. Ya wayalesi kwenye 4000 na kwenda juu nayo inamaliza betri haraka mno, usishangae ukichaji kila baada ya siku chache.

Vitu vinavyokaa nyuma vikisikiliza mausi, kama vile ovalei za kurekodi na softwea za rangi za kiibodi, vinazidisha mzigo huu. Microsoft walipunguza tatizo hilo kwenye Windows 11 kuanzia 22H2, programu za nyuma hazipelekewi tena kila jibu la mausi. Aliyebaki Windows 10 azifunge tu kabla ya kucheza. Softwea ya mausi nayo, ukishahifadhi mipangilio kwenye kumbukumbu ya mausi yenyewe, ifunge.

Hatua ya 4: Raw Input

Raw Input ni gemu kusoma majibu ya mausi yenyewe kabla Windows haijaweka mkono wake, yaani slaida na kuongeza kasi havigusi kitu. Watu wanaiongelea kama dawa ya dilei, ila kazi yake kubwa ni kufanya umbali wa mkono uwe ule ule kila siku. Dilei inayookoa ni ndogo.

CS2 haina pa kuiwasha, iko hivyo muda wote. Ile amri ya zamani `m_rawinput` ilikuwa ya CS:GO, ukiikuta kwenye konfigi uliyokopi mahali, ifute, haina kazi. Valorant ina kitu kinaitwa `Raw Input Buffer` kwenye mipangilio ya mausi. Hiyo inafanya gemu ichukue majibu mengi ya mausi kwa mkupuo badala ya moja moja, na faida yake inaonekana kwa mausi za zaidi ya 1000 Hz. Kwenye 1000 hutaona tofauti kubwa, ila iwashe, na kama baada ya kuwasha unahisi mausi inaruka, zima. Gemu nyingine tafuta neno `Raw Input` kwenye mipangilio na uwashe.

Unajuaje kweli inafanya kazi? Nenda tena `main.cpl`, shusha slaida mpaka mwisho kabisa kushoto, ingia gemu, pima mzunguko kwa rula kama mwanzo. Ukipata umbali ule ule gemu inasoma mausi moja kwa moja. Ukiona kugeuka kumekuwa kuzito sana basi gemu hiyo inapitia Windows na hatua ya 1 kwako sio hiari. Usisahau kurudisha slaida.

Vitu vya pembeni vinavyokula kazi yako

Ndani ya softwea ya mausi zima `Angle Snapping` na `Ripple Control` kama zipo, zote zinarekebisha mwendo wako, na hiyo ya pili inalainisha, kwa hiyo inachelewesha. Angalia na `Debounce Time`, wengine wanaiita `Key Response`. Huo ni muda mausi inaosubiri kuhakikisha umebonyeza mara moja na sio mara mbili. Mausi za bei nafuu zinaweza kuja na 8 au 10 ms, na hiyo ni nyingi kuliko tulichookoa kwenye poling reti yote. Shusha mpaka 4, cheza, shusha 2. Ukianza kuona bonyezo moja linatoka mawili, mfano unafungua folda kwa kubonyeza mara moja tu, au ukiwa unaburuta faili linaachia lenyewe, panda juu kidogo. Swichi zikichakaa utalazimika kupanda tena baada ya miezi.

Halafu V-Sync, ile inayofanya fremu zisubiri ziende sawa na skrini. Mtu amehangaika na haya yote lakini kaacha V-Sync imewashwa, na kwenye skrini ya 60 Hz hiyo inaweza kuongeza fremu nzima au zaidi, yaani milisekunde 16 na kwenda juu. Zima kwenye gemu, na mwenye kadi ya NVIDIA awashe `NVIDIA Reflex Low Latency` kwenye mipangilio ya video ya CS2. Kama bajeti yako ni moja tu na una mausi ya 1000 Hz tayari, hela iende kwenye skrini ya 144 Hz kabla ya mausi ya 8000.

Windows ikipata sasisho kubwa, au ukibadilisha mashine, au ukienda kucheza kwenye senta ya gemu, fungua `main.cpl` kabla ya kuingia mechi uangalie ile tiki, na kama DPI na 1000 Hz vimehifadhiwa ndani ya mausi yako utabeba hiyo mausi tu, andika `sensitivity 0.6`, piga mzunguko mmoja kwenye kona ya ukuta, uanze.